Urari umegoma kulingana: kusaka ingizo la upande mmoja na lililopostiwa upande usio wake

Umefunga mwezi, umetoa masalio yote kwenye leja, umeyapanga kwenye urari (wengine tumezoea kuuita trayo balansi), unajumlisha chini huku na huku, na debiti inakataa kufanana na krediti. Watu wengi hapo ndo wanapoharibu, kwasababu wanarudi mwanzo wa leja na kuanza kusoma kila mstari kama vile wanasoma gazeti, saa tatu zinapita na macho yameshachoka hata kosa likiwa mbele yao hawalioni tena. Mi mwenyewe nimefanya hivo sana tu kabla sijajua kuwa tofauti yenyewe inakuambia mambo mengi kabla hata hujafungua leja.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho. Ni vitabu vya mwezi wa kwanza wa biashara ndogo ya kununua na kuuza bidhaa, kuna keshibuku yenye kolamu za punguzo, daftari la mauzo, daftari la manunuzi na leja. Urari umetoka hivi: jumla ya debiti ni 3,595,100 na jumla ya krediti ni 3,550,400. Tofauti ni 44,700, na debiti ndo imezidi.

Iandike hiyo tofauti kwenye karatasi pembeni, na andika pia upande uliozidi. Wengi wanaandika namba tu, upande wanausahau, af baadae wanatafuta kwenye pande zote mbili kazi ambayo ilikuwa nusu yake tu.

Kabla ya leja, maliza urari wenyewe

Jumlisha upya, na safari hii anzia chini kwenda juu, maana ukirudia njia ileile ubongo unarudia kosa lilelile. Halafu chukua leja na hesabu akaunti zenye salio, linganisha na idadi ya mistari kwenye urari. Akaunti moja ikirukwa urari hauwezi kulingana, na akaunti inayorukwa mara nyingi ni ile iliyo kwenye ukurasa wa peke yake mwishoni, au salio la taslimu na benki kwakuwa hayo yako kwenye keshibuku, sio ndani ya leja.

Kisha pita kwenye majina. Usiangalie namba, soma majina tu na ujiulize hili jina kwa kawaida linakaa upande gani. Matumizi, mali na wadaiwa wanakaa debiti, mapato, mtaji na wadai wanakaa krediti. Ukiona mauzo yako debiti, au pango liko krediti, umeshalipata kosa bila kufungua kitabu. Ila kuna majina ambayo hayakusaidii, mfano benki inaweza kuwa upande wowote kama kuna deni la benki, na kwenye mfano wetu kuna akaunti moja inaitwa tu Punguzo, ambayo huyu bwana aliyetunza vitabu aliamua kuweka humo punguzo alilotoa kwa wateja na punguzo alilopewa na wauzaji pamoja. Akaunti ya hivo ikiwa debiti au krediti huwezi kushtuka. Kumbuka hilo, litarudi.

Kwenye mfano wetu jumla ziko sahihi, akaunti zote zimo, majina yote yamekaa sehemu zinazokubalika. Kwahiyo kosa liko ndani ya leja.

Maswali matatu kwa tofauti

Swali la kwanza, je kuna muamala wa 44,700 kamili? Kama upo, kuna uwezekano umeandikwa upande mmoja tu. Ingizo la upande mmoja linaacha tofauti sawasawa na kiasi chenyewe, kwasababu upande mmoja umepata na mwingine haujapata kitu. Na kwakuwa debiti ndo imezidi, unatafuta 44,700 ambayo debiti yake ipo na krediti haipo, au debiti iliyopostiwa mara mbili.

Swali la pili, je kuna muamala wa nusu yake, yaani 22,350? Hapa ndo penye posti iliyoingia upande usio wake. Ukiwa na krediti ya 22,350 af ukaiweka debiti, krediti imepungukiwa 22,350 na hapohapo debiti imeongezewa 22,350 isiyo yake, tofauti inakuwa mara mbili. Ndo maana unagawa kwa mbili. Na upande unakupunguzia kazi, debiti imezidi kwahiyo kitu kilichopotea njia kimekaa debiti, pitia upande wa debiti peke yake wa kila akaunti ukitafuta 22,350. Krediti huna haja ya kuigusa. Kama tofauti ni namba isiyogawanyika kwa mbili, mfano imeishia na senti moja, posti moja iliyogeuka upande sio jibu lako.

Swali la tatu, je tofauti inagawanyika kwa 9 bila baki? Ikigawanyika inawezekana tarakimu zimebadilishana nafasi, mfano 5,400 imeandikwa 4,500, tofauti ni 900. Njia ya haraka ni kujumlisha tarakimu zenyewe, 4 na 4 na 7 zinatoa 15, na 15 haigawanyiki kwa 9, kwahiyo sio hiyo. Ila usiipe nguvu sana hii, kuna tofauti nyingi tu zinagawanyika kwa 9 kwa bahati.

Sasa kwa mfano wetu: hakuna 44,700 popote, hakuna 22,350 kwenye debiti yoyote, na 9 imekataa. Wengi wakifika hapa wanasema njia hii haifanyi kazi. Inafanya, imekuambia kitu kikubwa sana, kwamba huenda huna kosa moja, una makosa mawili au zaidi yaliyochanganyika, au una kosa la kujumlisha ndani ya akaunti. Maswali matatu yanafaa kwa kosa moja likiwa peke yake. Makosa yakishachanganyika inabidi uyatenganishe kwa mkono.

Kupiga tiki, na ubaya wa kupiga tiki kwa macho

Kupiga tiki ni kuchukua kitabu cha mwanzo, mfano keshibuku, ukasoma mstari, ukaenda leja ukaona posti yake, ukaweka alama ndogo kote kuwili. Tumia kalamu ya rangi ambayo haijatumika kwenye vitabu hivyo. Mwisho wa kazi, mstari wa keshibuku usio na tiki haukupostiwa, na mstari wa leja usio na tiki umetoka hewani au umepostiwa mara ya pili.

Tatizo ni kwamba mtu anaona 18,600 kwenye keshibuku, anaona 18,600 kwenye leja, anapiga tiki, anaendelea. Hajaangalia upande. Posti iliyogeuka inapita hapo kila siku, namba yake ni sahihi kabisa, akaunti sahihi, tarehe sahihi. Mhasibu mmoja mzee niliyekuwa chini yake alikuwa ananilazimisha niseme kwa sauti, "kumi na nane elfu mia sita, krediti", af yeye ndo anaangalia leja. Ilikuwa inanikera kweli, tunaonekana kama watoto wa darasa la kwanza, ila nikiwa peke yangu mpaka leo nanong'ona upande kabla sijaweka tiki. Ukiwa na mwenzio ni bora zaidi, mmoja asome kutoka kitabu cha mwanzo na mwingine akae na leja, na anayekaa na leja asiwe yule aliyeposti.

Anza na jumla za mwezi, usianze na mistari ya kila siku. Jumla ya daftari la mauzo inaenda krediti ya mauzo, jumla ya manunuzi inaenda debiti ya manunuzi, jumla za kolamu za punguzo zinaenda kwenye akaunti ya punguzo. Ni posti chache, hazizidi vidole vya mikono, unazimaliza kwa dakika kumi, na makosa mengi yanakaa humo kwasababu zinafanywa siku ya mwisho mtu akiwa na haraka, tena hazina vocha wala risiti ya kumkumbusha ni upande gani.

Tulichokuta kwenye punguzo

Keshibuku yetu ina kolamu ya punguzo upande wa mapokezi, jumla yake 12,400, hilo ni punguzo tulilowapa wateja waliolipa mapema. Upande wa malipo kuna kolamu nyingine, jumla yake 18,600, hilo ni punguzo tulilopewa na wauzaji. Kwenye leja, akaunti ya Punguzo ina 12,400 debiti na 18,600 debiti, salio debiti 31,000. Na hilo ndo salio lililoenda kwenye urari.

Hapo inabidi kusimama kidogo kwasababu keshibuku ina mtego wake. Ukiwa unaposti kutoka keshibuku umezoea kugeuza, pesa iliyoingia imekaa debiti ya benki kwahiyo kwa mteja inaenda krediti, pesa iliyotoka imekaa krediti ya benki kwahiyo kwa muuzaji au kwenye matumizi inaenda debiti. Unageuza mwezi mzima mpaka mkono unageuza wenyewe. Ila kolamu za punguzo hazigeuzwi. Zile sio sehemu ya akaunti ya benki, ni kumbukumbu tu zimewekwa pale kwa urahisi, hivyo jumla yake inaenda leja upande uleule iliokaa. Ya upande wa mapokezi inaenda debiti, ni gharama kwetu. Ya upande wa malipo inaenda krediti, ni faida kwetu. Huyu wetu ya kwanza aliiweka sawa, ya pili mkono ukageuza.

Salio sahihi la Punguzo ni 18,600 toa 12,400, yaani krediti 6,200. Sisi tulikuwa na debiti 31,000. Debiti ya urari inapungua 31,000 na krediti inaongezeka 6,200, jumla ya athari 37,200, ambayo ni 18,600 mara mbili. Sheria ya nusu ilikuwa kweli, ila ilifichwa na kosa lingine.

Jambo la kufanya hapohapo, kabla hujaendelea na tiki nyingine hata moja, piga upya tofauti. 44,700 toa 37,200 inabaki 7,500, debiti bado imezidi. Sasa una tofauti mpya, irudishe kwenye maswali matatu kuanzia la kwanza. Nimeona mtu ameshapata kosa moja, amefurahi, af anaendelea kupiga tiki vitabu vyote masaa mawili wakati jibu la pili lilikuwa dakika tano tu.

7,500 iliyobaki

Je kuna muamala wa 7,500? Upo, tena miwili, yote kwenye keshibuku. Mmoja ni malipo ya usafiri, mwingine ni pesa iliyopokelewa benki kutoka kwa mteja. Hapa upande unaamua. Kama malipo ya usafiri ndo yangekuwa ya upande mmoja, keshibuku ina krediti na debiti ya usafiri ndo haipo, basi krediti ingezidi. Kwetu debiti ndo imezidi, kwahiyo mshukiwa ni pesa ya mteja, debiti ya benki ipo na krediti ya mteja haipo.

Fungua akaunti ya mteja huyo, kweli, kuna invoisi yake upande wa debiti na upande wa krediti ni mweupe kabisa. Kwenye vitabu bado anadaiwa 7,500 ambazo kashalipa. Hii ikikaa bila kugunduliwa ndo ile unampigia mtu simu ya kumdai na yeye anakutumia picha ya risiti yako mwenyewe.

Mtu anaweza kuuliza kwanini hatukuangalia tu kolamu ya folio, ile inayojazwa namba ya ukurasa wa leja baada ya kuposti. Kawaida mstari ambao folio yake iko wazi ndo haujapostiwa, na ni kweli hapo ni mahali pazuri pa kupitisha macho mapema. Ila mstari huu folio ilikuwa imejaa. Aliyeandika alikuwa na tabia ya kujaza folio zote kwa pamoja kwanza, af ndo aanze kuposti. Folio ina maana kama inaandikwa baada ya posti, sekunde ileile, vinginevyo inadanganya kuliko hata kuiacha wazi.

Nusu ya 7,500 ni 3,750, hiyo nayo ningeitafuta kwenye debiti kama mteja angekuwa sawa, lakini haikufika huko.

Kurekebisha, na kwanini kosa la upande linarekebishwa mara mbili

Kama vitabu ni vya mkono na mwezi haujafungwa kuna watu wanakata mstari na kuandika upya. Mi siipendi, mkaguzi akija huwezi kumuelezea. Njia safi ni kupitia jarida ukiwa na akaunti ya saspensi. Urari ulipogoma, weka tofauti ya 44,700 kwenye saspensi upande uliopungua, kwetu ni krediti. Urari unalingana kwa muda, unaweza kuendelea na kazi nyingine, na saspensi inabaki na deni lako la kutafuta.

Ukishapata kosa la punguzo, unaandika debiti saspensi 37,200, krediti Punguzo 37,200. Sio 18,600. Hili wanafunzi wanalikosa sana. Ukikrediti 18,600 umefuta tu ile debiti ya makosa, akaunti imerudi kana kwamba punguzo hilo halikuwahi kuwepo. Unahitaji 18,600 nyingine ya kuliweka mahali pake. Jaribu mwenyewe, Punguzo lilikuwa debiti 31,000, ukikrediti 37,200 linatoka krediti 6,200, sawasawa na tulivyopiga juu.

Kosa la mteja ni mara moja tu, debiti saspensi 7,500, krediti mteja 7,500, kwasababu hakukuwa na kitu cha kufuta. Benki usiiguse, yenyewe ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Hapa nimeona watu wakiandika debiti benki krediti mteja kwa mazoea, na hapo benki inapata 7,500 mara mbili, urari unabaki na tofauti ileile na juu yake salio la benki haliendani na taarifa ya benki.

Saspensi yetu ilikuwa krediti 44,700, imedebitiwa 37,200 na 7,500, imeisha. Urari mpya ni 3,556,600 kila upande. Kama saspensi imebaki na chochote hata kidogo, usiitupe kwenye matumizi mengineyo, kiasi kidogo kinaweza kuwa makosa mawili makubwa yanayokaribia kufutana.

Kama unatumia Excel

Programu nyingi za uhasibu hazikuruhusu kuhifadhi ingizo la upande mmoja, ila Excel inakuruhusu kila kitu. Kama una orodha ya maingizo ambayo namba ya vocha iko kolamu A, debiti C na krediti D, weka fomula hii kwenye mstari wa 2 wa kolamu tupu na uishushe mpaka chini:

```
=ROUND(SUMIF(A:A,A2,C:C)-SUMIF(A:A,A2,D:D),2)
```

Kila vocha inatakiwa itoe 0. Inayotoa kiasi kilekile cha muamala ni ya upande mmoja, inayotoa mara mbili yake ina mguu uliogeuka, pande zote mbili zimewekwa upande mmoja. Namba ikiwa chanya debiti imezidi kwenye vocha hiyo, ikiwa hasi krediti imezidi. Hii kazi ya kutwa nzima unaimaliza kabla chai haijapoa.

Ila kuna ugonjwa mmoja wa Excel unaojifanya kuwa ingizo la upande mmoja. Namba ikiwa imenakiliwa kutoka sehemu nyingine inaweza kuingia kama maandishi, unaiona kwa macho lakini `SUM` haiihesabu. Unakagua ingizo, pande zote mbili zipo, unakaribia kuchanganyikiwa. Andika `=ISNUMBER(C5)` kwa seli unayoishuku, ikijibu `FALSE` badilisha kwanza fomati ya seli iwe Number, af futa na uiandike upya kwa mkono.

Na jambo la mwisho kuhusu hii njia nzima, inashika tu makosa yanayovuruga ulinganifu. Ile 7,500 ya mteja kama ingepostiwa krediti lakini kwenye akaunti ya mteja mwingine, urari ungelingana vizuri kabisa siku ya kwanza, na simu ya kudai ungeipiga vilevile. Hiyo inashikwa kwa kuwatumia wateja taarifa za akaunti zao kila mwezi, sio kwa urari.